Vasicek au CIR: ipi ikupigie bei ya bondi isiyo na kuponi?

Tuseme mfuko wa pensheni wa kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa unajua kwamba miaka mitano kutoka leo utalipa shilingi milioni 10 kwa mkupuo. Katikati hakuna malipo mengine. Swali la kamati ya uwekezaji ni moja tu: leo tutenge kiasi gani? Huko ni kupiga bei ya bondi isiyo na kuponi ya miaka mitano, hata kama sokoni hakuna karatasi yenye jina hilo. Bili za Hazina za siku 91, 182 na 364 ndizo za aina hiyo tunazoziona kila wiki, kwa sababu unanunua chini ya thamani ya uso na kulipwa thamani kamili siku ya mwisho. Kwa miaka mitano hakuna bili. Inabidi utumie modeli.

Zinazogombaniwa mara nyingi katika ofisi zetu ni mbili. Ya kwanza ni ya Oldřich Vasicek, iliyotoka mwaka 1977. Ya pili ni ya John Cox, Jonathan Ingersoll na Stephen Ross, iliyochapishwa 1985 na kujulikana kwa herufi zao, CIR. Wapo wanaoamini kwamba CIR ni bora kila mahali kwa kuwa imekuja baadaye na hairuhusu riba hasi. Mimi sikubaliani nao. Kwa kazi kama hii, riba zikiwa katika viwango tulivyozoea Kenya, modeli hizi mbili zinatoa karibu jibu moja. Zinaachana sana penye riba ya chini mno, na penye kazi ambayo bei yake inategemea ukubwa wa mtikisiko. Nitaonyesha kwa hesabu.

Wanachokubaliana

Zote mbili zinaanza na riba fupi, `r`: riba ya mkopo wa muda mfupi kabisa, inayobadilika kila dakika. Zote zinasema riba hiyo haizururi bila mwisho. Ikipanda juu ya kiwango fulani, `b`, inavutwa kushuka. Ikiwa chini yake, inavutwa kupanda. Kasi ya mvuto ni `a`, na juu ya mvuto huo kuna mtikisiko wa bahati, `σ`:

```
Vasicek:  dr = a(b − r)dt + σ dW
CIR:      dr = a(b − r)dt + σ√r dW
```

Tofauti yote iko kwenye kile kipeuo cha pili cha `r`. Kwa Vasicek, mtikisiko una ukubwa uleule riba iwe asilimia 2 au 20. Kwa CIR, mtikisiko unakua riba inapopanda na unanywea riba inapokaribia sifuri, hivyo riba haiwezi kuvuka kwenda chini ya sifuri. Kumbuka kwamba `σ` za pande hizi mbili si namba ya aina moja. Ukichukua `σ` ya Vasicek na kuibandika kwenye CIR bila kuibadilisha, umelinganisha vitu viwili tofauti.

Kasi `a` ni rahisi kuielewa ukiigeuza kuwa muda. Gawanya 0.693 kwa `a`, utapata miaka inayohitajika ili pengo kati ya riba na `b` lipungue nusu, kwa wastani. Kwa `a` ya 0.4 ni kama mwaka mmoja na miezi tisa.

Bei ya bondi ni wastani wa thamani ya leo ya shilingi ya kesho, ukipitia njia zote ambazo riba fupi inaweza kufuata mpaka siku ya malipo. Uzuri wa modeli hizi ni kwamba wastani huo hauhitaji kuigiza njia elfu kumi kwenye kompyuta. Jibu linaandikika kwa mstari mmoja, na sura yake ni ileile kwa zote mbili:

```
P = exp( lnA − B·r )
```

`B` inaeleza bei inasikia riba fupi ya leo kwa nguvu gani. Hapa ndipo kurudi kwenye wastani kunapofanya kazi yake. Kama riba ingebaki ilipo milele, `B` ya bondi ya miaka mitano ingekuwa 5. Kwa Vasicek yenye `a` ya 0.4 ni 2.16 tu, kwa sababu riba ya leo, iwe ya juu au ya chini, haitarajiwi kudumu. Miaka iliyobaki inaongozwa na `b`, na hiyo imo ndani ya `lnA`. Kwa miaka kumi `B` inafika 2.45 na kamwe haivuki 2.5, ambayo ni 1 gawanya kwa `a`.

Kwa anayetaka kujihesabia, hizi ndizo fomula zenyewe:

```python
from math import exp, log, sqrt

def vasicek(r, T, a, b, s):
    B = (1 - exp(-a*T)) / a
    lnA = (B - T)*(b - s*s/(2*a*a)) - s*s*B*B/(4*a)
    return exp(lnA - B*r)

def cir(r, T, a, b, s):
    h = sqrt(a*a + 2*s*s)
    g = exp(h*T) - 1
    d = 2*h + (a + h)*g
    lnA = 2*a*b/(s*s) * log(2*h*exp((a + h)*T/2) / d)
    return exp(lnA - 2*g/d*r)
```

Milioni 10 za miaka mitano

Nachukua namba zinazofanana na mazingira yetu, ingawa ni za mfano: riba fupi leo asilimia 8, kiwango cha kurudia asilimia 12, kasi 0.4. Kwa Vasicek naweka mtikisiko wa 0.02, yaani pointi mbili za asilimia kwa mwaka. Kwa CIR natafuta `σ` itakayotoa mtikisiko uleule riba ikiwa pale kwenye asilimia 12: 0.02 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 0.12, ambayo ni 0.0577. Sasa ulinganisho ni wa haki.

Vasicek inatoa bei ya 59.98 kwa kila 100. CIR inatoa 59.95. Kwa malipo yetu ya milioni 10, ya kwanza inasema tenga shilingi milioni 5.998 na ya pili inasema milioni 5.995. Tofauti haifiki shilingi elfu tatu. Mwenyekiti wa kamati akikuuliza, "Sasa mwanangu, tushike ipi?" jibu la kweli ni kwamba kwa swali hili hazina tofauti ya kugombania.

Inafaa kujua kwa nini CIR iko chini kidogo. Mtikisiko wa riba unapandisha bei ya bondi: riba ikishuka bei inapanda zaidi ya inavyoshuka riba ikipanda kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo wastani unamnufaisha mwenye bondi. Riba ikiwa asilimia 8, CIR inaona mtikisiko wa kama pointi 1.6 badala ya 2, kwa hiyo faida hiyo ni ndogo zaidi. Anzia na riba ya asilimia 16 na mambo yanageuka: CIR sasa inaona mtikisiko mkubwa kuliko Vasicek, na bei yake ndiyo inayokuwa juu, 50.48 dhidi ya 50.46.

Kurva ya riba inapata sura gani

Ukigeuza kila bei kuwa riba ya mwaka kwa muda wake, unapata kurva. Hii ndiyo picha kwa mianzo miwili, vigezo vingine vikibaki vilevile:

| Muda | Riba fupi 8%: Vasicek | CIR | Riba fupi 16%: Vasicek | CIR |
|---|---|---|---|---|
| Mwaka 1 | 8.70 | 8.70 | 15.29 | 15.29 |
| Miaka 5 | 10.22 | 10.23 | 13.68 | 13.67 |
| Miaka 10 | 10.94 | 10.95 | 12.90 | 12.89 |

Riba fupi ikiwa chini ya `b`, kurva inapanda. Ikiwa juu, kurva inateremka, na muda mrefu unalipa kidogo kuliko muda mfupi. Sura zote mbili zinaelekea mahali pamoja, karibu asilimia 11.88. Hapafiki 12 kwa sababu ya ile faida ya mtikisiko: kwa Vasicek unatoa σ² gawanya kwa 2a² kutoka kwenye `b`, ambayo hapa ni pointi 0.125. Kati ya kupanda na kuteremka kuna ukanda mwembamba, riba fupi ikiwa chini kidogo tu ya `b`, ambapo kurva inapanda kwanza kisha inainama. Kwa Vasicek na namba zetu ukanda huo unaanzia asilimia 11.81 na kuishia 12. Ni mwembamba mno kuutegemea.

Anayeshughulika na bili na bondi za serikali ameona mvuto huu kwa macho. Benki Kuu ya Kenya ilipofikisha riba yake asilimia 13 Februari 2024, bili za siku 91 zilipita asilimia 15 mwaka huo, na kufikia 2025 zilikuwa zimeshuka chini ya 10. Bondi za miaka mingi hazikuyumba kwa kiasi hicho, na modeli zote mbili zinaeleza sababu: riba fupi inasogea kwa pointi nzima, riba ya miaka kumi inasogea kwa sehemu tu. Kwa `a` ya 0.4, pointi moja ya riba fupi inasogeza riba ya miaka kumi kwa robo pointi.

Lakini kuna sura ambazo hakuna hata moja kati ya hizi mbili inayoweza kuzitoa. Zote zina chanzo kimoja cha mtikisiko. Hiyo inamaanisha riba ya mwaka mmoja na ya miaka kumi lazima zisogee upande mmoja siku zote. Sokoni hutokea bili zikashuka huku bondi ndefu zikipanda, labda kwa sababu watu wanahofia ukopaji wa serikali wa miaka ijayo. Modeli hizi hazina mahali pa kuiweka siku hiyo. Ukiona kurva halisi ina mikunjo miwili, usijaribu kuilazimisha kwa kuchezea `σ`.

Mahali zinapoachana

Sasa badilisha hali. Kenya imewahi kuona bili za siku 91 zikiwa chini ya asilimia 2, mwaka 2003. Weka riba fupi asilimia 1.5, kiwango cha kurudia asilimia 6, kasi 0.4 na mtikisiko wa pointi 3. Kwa CIR, ukilinganisha tena mtikisiko pale kwenye `b`, `σ` inakuwa 0.1225.

Vasicek inasema baada ya mwaka mmoja riba fupi itakuwa na wastani wa asilimia 2.98 na mtawanyiko wa pointi 2.49 kuuzunguka. Pima umbali kutoka wastani hadi sifuri kwenye mgawanyo wa kawaida, utapata uwezekano wa kama asilimia 11.5 kwamba riba itakuwa hasi. Kwa CIR uwezekano huo ni sifuri. Bei ya miaka mitano inakuwa 82.09 kwa Vasicek na 81.89 kwa CIR. Tofauti ni senti 20 kwa kila shilingi 100, au karibu shilingi elfu ishirini kwenye milioni 10. Imekuwa mara saba ya ile ya mwanzo.

Hata hivyo bei ya bondi si pale panapouma zaidi. Panapouma ni kwenye dhamana. Kuna mifuko ya pensheni inayoahidi kwamba akiba ya mwanachama haitapungua, na mtu wa hesabu anapaswa kuipa thamani ahadi hiyo. Ukitumia Vasicek penye riba ya chini, sehemu ya thamani ya ahadi inatoka kwenye njia ambazo riba ni hasi, njia ambazo kwa shilingi ya Kenya sijaona sababu ya kuziamini. Utakuwa umetoza au umetenga pesa kwa ajili ya hatari iliyozaliwa na umbo la fomula.

Miaka ya nyuma hoja hii ya riba hasi ilikuwa inamaliza mjadala. Haimalizi tena. Benki Kuu ya Ulaya ilishusha riba yake ya amana hadi asilimia -0.10 Juni 2014, na Japani ikafuata 2016. Mtu anayepiga bei kwa yuro au yeni akiwa na CIR ya kawaida alijikuta na modeli inayokana kilichokuwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo ruhusa ya riba hasi si dosari ya Vasicek kwa kila sarafu. Kwa wafanyabiashara wa Mombasa wenye mikopo ya yuro, ulinganisho unabadilika kulingana na sarafu ya deni.

Upande wa juu nako kuna somo. Mwaka 2011, shilingi ilipoporomoka, riba ya Benki Kuu ilitoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi 18 mwezi Desemba. Katika miaka ya riba tulivu hatuoni miruko ya aina hiyo. Riba zilizo juu zinatikisika zaidi, na hilo linaunga mkono CIR. Utafiti wa Chan, Karolyi, Longstaff na Sanders wa 1992, kwa data za Marekani, ulikuta kwamba mtikisiko unakua na riba kwa kasi kubwa hata kuliko kipeuo cha pili: kipeo kilikuwa karibu 1.5 badala ya 0.5. Kwa hiyo hata CIR inaweza kuudogosha mtikisiko wa nyakati mbaya.

Namna ya kujua data zako ziko upande gani ni nyepesi. Chukua matokeo ya mnada wa siku 91 wa kila wiki, chora mabadiliko ya wiki dhidi ya kiwango cha riba cha wiki iliyotangulia. Nukta zikitawanyika sawasawa kushoto na kulia, Vasicek inatosha. Zikifunguka kama feni kuelekea kulia, yaani kadiri riba inavyopanda, elekea CIR.

Makosa yanayogharimu kuliko uchaguzi wa modeli

Hapa ndipo ningependa kamati zitumie muda wao. Tofauti ya modeli kwenye mfano wetu wa kwanza ilikuwa senti tatu kwa kila shilingi 100. Angalia sasa makosa matatu ya pembejeo.

La kwanza ni kuingiza riba ya bili moja kwa moja mahali pa `r`. Riba ya bili inatangazwa kama riba ya kawaida ya mwaka, na modeli inataka riba inayolimbikizwa mfululizo. Bili ya siku 91 iliyotangazwa kwa asilimia 8.08 ni asilimia 8.00 ukiigeuza. Lakini hata hiyo 8.00 si riba fupi. Ni riba ya miezi mitatu, na ndani yake tayari kuna mvuto wa kupanda kuelekea 12. Ukiirudisha nyuma kwa fomula ya Vasicek, riba fupi inayoizaa ni 7.80. Bei ya miaka mitano inatoka 59.98 hadi 60.24. Hizo ni senti 26, karibu mara tisa ya tofauti ya modeli, na hakuna anayezigombania kwa sababu hakuna anayeziona.

La pili ni kasi. Weka `a` ya 0.3 badala ya 0.4 na bei inakuwa 61.06, shilingi nzima na senti nane juu. Na `a` ndiyo kigezo kigumu kuliko vyote kukipima. Fikiria riba iko pointi nne chini ya `b`. Kwa `a` ya 0.4, mvuto wa wiki moja ni pointi 0.03. Mtikisiko wa wiki hiyohiyo ni pointi 0.28. Unatafuta mvuto mdogo mara tisa kuliko kelele inayouzunguka. Ndiyo maana miaka mitatu au minne ya data za kila wiki haikupi `a` ya kuaminika, na inajulikana kwamba sampuli fupi huwa zinaipandisha: data inaonyesha riba ikirudi haraka kuliko inavyorudi kweli. Ukiona makadirio ya data zako yanadai pengo linapungua nusu ndani ya miezi mitatu, yatilie shaka. Ongeza miaka ya data, au kadiria `a` kutoka kwenye bei za bondi zenyewe.

La tatu ni `b`, na ndilo kubwa. Punguza au ongeza `b` kwa pointi moja na bei ya miaka mitano inasogea kwa kama shilingi 1.70 kwa kila 100. Kwenye milioni 10 ni shilingi laki moja na elfu sabini. Kosa la kawaida ni kuchukua wastani wa riba za miaka iliyopita na kuuita `b`. Wastani huo unaeleza riba inakorudi katika maisha halisi. Bei ya bondi inatumia `b` nyingine, ambayo ndani yake mna malipo anayodai mwekezaji kwa kubeba hatari ya muda. Kwa kawaida ni ya juu kuliko ya historia. Wastani wa kihistoria ukiwa 10.5 huku bondi ndefu zikiuzwa kana kwamba riba inarudi kwenye 12, bei yako ya modeli itakuwa juu ya soko kila siku, na utaamini soko linauza kwa bei ya kutupa. Dalili ni hiyo: makosa yote yanaangukia upande mmoja, na yanakua kadiri muda unavyorefuka. Yakiwa hivyo, usilaumu modeli kabla hujaangalia `b`. Tafuta `b` inayokaribia bei za bondi za leo, na ile ya historia ibaki kwa kazi za kutabiri.

Kuna tatizo moja ambalo ni la CIR peke yake, nalo ni la kompyuta. Ukiigiza njia za riba kwa hatua ndogo ndogo, Vasicek haina shida: hatua inayofuata ina mgawanyo wa kawaida unaojulikana kamili. Kwa CIR, hatua ya kubahatisha inaweza kuivusha riba chini ya sifuri hata kama modeli yenyewe hairuhusu, na kompyuta ikakataa kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Utaona `nan` kwenye jedwali lako. Tiba ya kawaida ni kuweka `max(r, 0)` ndani ya mvuto na ndani ya kipeuo. Kisha hakikisha 2ab si ndogo kuliko σ², kwa sababu sharti hilo ndilo linaloizuia riba isiguse sifuri kabisa. Mfano wetu wa riba ya chini unalipita: 0.048 dhidi ya 0.015.

Ningeshika ipi

Kwa kutenga malipo ya mkupuo ya baadaye kwa shilingi, riba zikiwa kati ya asilimia 6 na 16, ningeshika Vasicek. Fomula yake inakaguliwa kwa kalkuleta, na mkaguzi wa hesabu ataifuata bila kuhitaji mtaalamu pembeni. Muda uliookolewa ningeumalizia kwenye `b` na `a`.

Kwa dhamana, kwa kupima mfuko chini ya hali mbaya za riba kupaa, au riba zikirudi kule chini zilikokuwa 2003, ningeshika CIR, na ningeongeza jaribio moja lenye mtikisiko mkubwa kuliko inaoutoa.

Kwa anayenunua na kuuza bondi kila wiki kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa bili na bondi za serikali, hakuna kati ya hizi mbili inayomfaa kama ilivyo. Zote zinatoa kurva yao wenyewe, na kurva hiyo haitapita juu ya bei za leo kwa ukamilifu. Mtu wa kununua na kuuza hawezi kuanza siku na modeli inayosema bondi ya miaka miwili aliyoshika ina bei nyingine tofauti na ile ya sokoni. John Hull na Alan White walitoa mwaka 1990 toleo la Vasicek ambalo kiwango cha kurudia kinabadilika na muda, kikipangwa ili kurva ya modeli ilingane na ya soko asubuhi hiyo. Kwa kazi hiyo ningeanzia huko. Ile `lnA` inasomwa kutoka kwenye kurva ya soko badala ya kukadiriwa, `B` inabaki ileile ya Vasicek, na kazi ya kukadiria inabaki kwenye vigezo viwili tu, `a` na `σ`.